Barua Inayokuja Mwisho: Kusitisha Ajira ya Mfanyakazi Aliyeugua Muda Mrefu

Hotuba kwa waajiri, maofisa utumishi na viongozi wa matawi ya wafanyakazi, Masasi, Mtwara

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa matawi, waajiri, wazee wangu shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum.

Mmeniita nizungumzie namna ya kuandika barua ya kumwachisha kazi mtu aliyeugua muda mrefu. Barua nimekuja nayo na nitaisoma hapa neno kwa neno. Ila mtanivumilia, kwa sababu barua ni karatasi ya mwisho kuandikwa katika jambo hili, na nguvu yake yote inatoka kwenye karatasi zilizoitangulia. Nimekaa miaka mingi kwenye meza za usuluhishi huku kusini. Mashauri ya wagonjwa niliyoyaona yakimshinda mwajiri, mengi yalikuwa na barua nzuri tu, yenye pole na shukrani. Kilichokosekana ni taarifa ya daktari inayozungumzia kazi ya yule mtu, na kumbukumbu inayoonyesha kwamba mwajiri alikaa na mgonjwa wakatafuta pamoja njia nyingine kabla ya kufika kwenye kuachana.

Ninayoyasema yanahusu sekta binafsi, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Watumishi wa umma wana taratibu zao. Sheria hii inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, vyote viwili, na mzigo wa kuthibitisha uko begani kwake. Mgonjwa hatakiwi kuthibitisha chochote zaidi ya kwamba aliachishwa. Ugonjwa unaomwondolea mtu uwezo wa kufanya kazi yake ni sababu halali. Sheria inaujua na inauruhusu. Kwa hiyo mwajiri mwenye sababu ya kweli hana haja ya kujificha nyuma ya sababu nyingine.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kujificha kupo. Mwajiri anasubiri mgonjwa apitishe siku tano bila kuleta cheti, anamfungulia shauri la utoro, na mtu aliyetumikia miaka 12 anatoka na doa la nidhamu na bila kiinua mgongo. Mwingine anampelekea mgonjwa kitandani karatasi iliyokwisha chapwa, "naacha kazi kwa hiari yangu", anamshika mkono asaini. Mtu aliyeacha kazi mwenyewe hadai notisi, na kiinua mgongo cha kisheria kinamwendea aliyeachishwa na mwajiri. Ile saini inamnyang'anya vyote kwa pamoja. Viongozi wa matawi, mkiikuta karatasi ya namna hiyo, ulizeni kwanza siku ile ilipotiwa saini mgonjwa alikuwa wapi na alikuwa katika hali gani.

Sasa tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Nimeutunga kutokana na mambo niliyoyaona kwenye majalada mengi, kwa hiyo msitafute ni wa nani. Ni dereva wa fuso, anabeba korosho ghafi kutoka maghala ya vyama vya msingi kwenda ghala kuu. Aliajiriwa Songea tarehe 1 Februari 2016, akaletwa kufanya kazi hapa Masasi. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki. Tarehe 3 Machi 2025 alfajiri anaamka mkono na mguu wa kulia havina nguvu, ulimi mzito. Anapelekwa Mkomaindo, baadaye Ndanda kwa mazoezi ya viungo. Ni kiharusi.

Jambo la kwanza ni kuhesabu likizo ya ugonjwa. Sheria inampa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi alete cheti cha daktari aliyesajiliwa. Mzunguko unaanzia siku aliyoajiriwa. Kwa dereva wetu mizunguko ni Februari 2016 hadi Januari 2019, kisha hadi Januari 2022, kisha hadi Januari 2025. Ameugua Machi 2025, mwezi mmoja tu ndani ya mzunguko mpya. Kwa hiyo malaria iliyomlaza wiki mbili mwaka 2023 haimpunguzii chochote, na siku zake 126 ni kamili. Ofisa utumishi asiyefungua jalada kutazama tarehe ya ajira atamkata siku ambazo hazikatwi. Hata kinyume chake hutokea: mtu anaugua miezi miwili kabla mzunguko haujaisha, ukianza mwingine anapata haki mpya, na mwajiri aliyehesabu mara moja tu anajikuta ameandika barua mtu akiwa bado kwenye likizo halali.

Tukihesabu tangu 3 Machi, mshahara kamili unakwenda hadi 4 Mei, na nusu mshahara kuanzia 5 Mei hadi 6 Julai 2025. Ndani ya kipindi hicho notisi ya kuachishwa haitolewi, wala siku za notisi hazikimbii sambamba na siku za likizo. Sheria imekataza wazi. Mnaweza kuzungumza naye, kumtembelea, kuandaa maswali ya daktari, lakini barua ikae mezani.

Sasa tufike kwa daktari, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye udhaifu mkubwa.

Majalada mengi yana karatasi nyingi za hospitali na hayana ushahidi. Kuna karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, risiti za dawa, cheti cha "apumzike siku 14" kilichorudiwa mara sita. Karatasi hizo zinaonyesha kwamba mtu aliugua, jambo ambalo hakuna anayelibishia. Hazisemi kama anaweza kufanya kazi yake, wala kama hali hiyo itadumu. Na daktari hawezi kulisema hilo kama hajaulizwa, kwa sababu hajui dereva wenu anafanya nini kwa siku. Anapoandikiwa "tunaomba taarifa ya ugonjwa wa mfanyakazi wetu", anaandika jina la ugonjwa na dawa alizotoa. Mmeuliza habari za ugonjwa, mkajibiwa habari za ugonjwa.

Barua kwa daktari inatakiwa ieleze kazi kwanza. Andikeni kwamba mtu huyu anaendesha gari la tani kadhaa kwenye barabara za lami na za vumbi, saa tisa kwa siku wakati wa msimu, anapanda juu ya bodi kufunga turubai, anatia saini hati za mizigo kwa mkono wa kulia, na usiku mwingine analala njiani. Kisha ulizeni. Kwa hali yake ya sasa, anaweza kufanya kazi hii? Kama hawezi, je, ni kwa muda au ni moja kwa moja, na kama ni kwa muda, mnatarajia apate nafuu lini? Kuna sehemu ya kazi anayoiweza, au kazi nyingine tuliyoitaja hapa anayoiweza? Kuna mabadiliko tunayoweza kuyafanya mahali pa kazi yakamsaidia? Na je, ugonjwa huu umesababishwa au umezidishwa na kazi yake?

Katika kiharusi, swali la muda lina uzito wa pekee. Nguvu nyingi zinazorudi hurudi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, hasa mgonjwa akifanya mazoezi. Taarifa iliyoandikwa wiki ya tatu ikisema "hawezi kuendesha" ni kweli kwa wiki ya tatu tu. Ukiitumia mwezi wa tano wa ugonjwa unamhukumu mtu kwa hali aliyokwisha kuiacha. Ndiyo maana kwa dereva wetu taarifa inaombwa katikati ya Juni na inatoka tarehe 24 Juni, karibu miezi minne baada ya kuugua, likizo ikiwa ukingoni. Daktari anaandika kwamba mkono wa kulia hauna nguvu ya kushika usukani wala kalamu, mguu wa kulia unaburuzika, maneno yanatoka kwa shida lakini anaelewa yote anayoambiwa. Anaandika kwamba hatarajii arudi kuendesha gari la mizigo, na kwamba ugonjwa umetokana na shinikizo la damu la muda mrefu.

Hilo la mwisho linaamua mlango wa kuingilia kwenye mafao. Kama daktari angesema kazi ndiyo chanzo, kwa mfano fundi aliyevunjika uti wa mgongo akipakia magunia, au mbanguaji ambaye mafuta ya ganda la korosho yamemharibu ngozi ya mikono, shauri lingekwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri angelazimika kulitolea taarifa mapema, na Kanuni zinamtaka ahangaike zaidi kumtafutia mtu huyo kazi nyingine. Nimeona barua za kusitisha ajira zilizoandikwa kwa heshima kubwa kwa watu ambao ajali zao hazikuwahi kuripotiwa WCF. Mwajiri wa namna hiyo amekosea kabla hajaanza.

Neno moja kuhusu siri. Taarifa inatumwa kwenye bahasha iliyofungwa, anaisoma anayehusika, na mgonjwa anapata nakala yake. Anaombwa ridhaa ya maandishi kabla daktari hajaandikiwa. Mwajiri anahitaji kujua uwezo wa kufanya kazi, na mara nyingi hahitaji kujua zaidi ya hapo. Na kumlazimisha mtu kupima virusi vya UKIMWI, au kumwachisha kwa sababu anavyo, ni kosa, hata mkiliita jambo hilo jina lingine kwenye barua.

Taarifa ikishafika, mnakwenda kukaa na mgonjwa. Kanuni zinataka mwajiri aangalie chanzo cha hali hiyo, ukubwa wake, kama ni ya kudumu au ya kupita, na kama kuna namna ya kumweka mtu huyo kazini, ama kwa kumbadilishia mazingira au kwa kumpa kazi nyingine. Mfanyakazi ana haki ya kusikilizwa, akiwa na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Kama hawezi kuja ofisini, nendeni kwake.

Kwa dereva wetu kikao cha kwanza ni tarehe 14 Julai nyumbani kwake, Mkuti. Meneja anakaa mkekani kama wengine. Mke wa dereva yupo, kwa sababu ndiye anayemwelewa haraka mumewe anapozungumza, na mwakilishi wa tawi yupo na daftari. Meneja anaisoma taarifa ya daktari taratibu, anasimama kila aya na kuuliza kama wameelewa. Kisha anasema kampuni ina nafasi mbili zinazoweza kufikiriwa, karani wa mizani na mlinzi wa geti la mchana. Anawaachia wiki moja wafikiri. Mniamini, wiki hiyo ina faida kwenu waajiri kuliko kwa mgonjwa. Kikao kimoja kinachoanza saa nne na kumalizika saa tano, kikifuatiwa na barua saa nane mchana, kila mtu anajua barua ilikwisha kuandikwa.

Tarehe 21 Julai wanakaa tena. Dereva anasema ukarani hauwezi, maana kazi yote ni kuandika uzito wa magunia kwa mkono na kubishana na wenye mzigo, naye mkono haushiki kalamu na maneno hayatoki. Geti nalo ni kusimama na kuinua kizuizi mamia ya mara kwa siku. Taarifa ya daktari inamuunga mkono. Yote yanaandikwa kwenye muhtasari, na wote wanautia saini.

Muhtasari huo una thamani ya fedha. Sheria inasema mfanyakazi anayeachishwa kwa kukosa uwezo hapati kiinua mgongo iwapo amekataa kazi mbadala bila sababu ya maana. Wako waajiri wanaokinyakua kifungu hiki kwa mikono miwili: wanampa mgonjwa kazi wanayojua haiwezi, anakataa, wanamnyima kiinua mgongo. Lakini dereva huyu amekataa kwa sababu ya maana, na daktari ameiandika. Kiinua mgongo chake kinabaki palepale.

Na mgonjwa akisema anaiweza kazi mbadala? Mpeni, mjaribu naye kwa muda mliokubaliana, na mshahara wake mpya uandikwe na uridhiwe. Hapo barua ya kusitisha ajira haipo tena.

Sasa fedha. Kwa mtu wa siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26 kupata wa siku. Laki tano na elfu ishirini kwa 26 ni shilingi 20,000. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, ukomo ukiwa miaka 10. Dereva ametimiza miaka tisa. Siku 63 mara 20,000 ni shilingi 1,260,000. Aliyetumikia miaka 18 naye anahesabiwa kumi tu kwa sheria, jambo ambalo binafsi naliona ni dogo mno kwa mtu aliyeacha afya yake kazini, na ndiyo maana matawi yenye mikataba ya hali bora hulipigania lipande. Someni mikataba yenu kabla ya kushika kikokotoo.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Mkataba wa dereva unasema mwezi mmoja, na kwa kuwa hawezi kuja kuitumikia, analipwa fedha badala yake, 520,000. Likizo ya mwaka aliyoikusanya tangu 1 Februari 2025 inahesabiwa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya. Inakuja siku 11 na kitu, tumeijaza ziwe 12, shilingi 240,000. Wako wanaotoa siku za ugonjwa kwenye hesabu hii. Mimi nawashauri msizitoe. Mtu alikuwa likizo halali, hakuwa ameacha kazi. Likizo za nyuma ambazo hakwenda zingeongezwa, lakini huyu alikwenda zote.

Kuna siku za katikati, kuanzia 7 Julai likizo ilipokwisha hadi siku ya barua. Ushauri wangu ni kwamba nusu mshahara uendelee kwa siku hizo, kwa sababu mnaosubiriwa ni ninyi, mgonjwa hajachelewesha kitu. Kwa Julai nzima, kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 28, kuna siku 24 za kazi, kwa nusu mshahara ni shilingi 240,000. Jumla ya fedha hizi ni shilingi 2,260,000.

Halafu kuna usafiri, na hapa waajiri wengi huungua. Dereva aliajiriwa Songea na ajira inasitishwa Masasi. Mwajiri anatakiwa amsafirishe yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au alipie usafiri huo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na huko. Na tangu siku ajira inapokoma hadi siku anaposafirishwa, anadai fedha ya kujikimu kila siku. Kila siku, ndugu zangu. Mwajiri anayesema "nauli tutaitazama mwezi ujao" anajifungulia deni linalokua akiwa amelala. Nimeona deni la kujikimu likikipita kiinua mgongo mara kadhaa kwa sababu ya nauli ya basi ambayo haikutolewa siku yake. Lipeni nauli na gharama ya mizigo siku ya barua, na mchukue saini.

Kuhusu madeni: kama dereva alikopa kazini, msiyakate kwenye malipo haya bila makubaliano yake ya maandishi. Kumbukumbu ya meneja kwamba "alichukua laki tatu wakati wa Idi" haitoshi.

Sasa niisome barua.

"Ndugu,

Yah: Kusitishwa kwa ajira yako kwa sababu ya afya

Tunakuandikia kufuatia vikao vyetu vya tarehe 14 na 21 Julai 2025, tulivyokaa nawe nyumbani kwako pamoja na mkeo na mwakilishi wa tawi.

Uliugua tarehe 3 Machi 2025, ukapewa likizo ya ugonjwa ya siku 126 iliyokwisha tarehe 6 Julai 2025. Taarifa ya daktari ya tarehe 24 Juni 2025, ambayo nakala yake unayo, inaeleza kwamba hutaweza tena kuendesha gari la mizigo. Tulizungumza nawe kuhusu kazi ya karani wa mizani na ya mlinzi wa geti. Ulitueleza kwa nini huziwezi kwa hali yako ya sasa, na tumeona maelezo yako ni ya kweli. Hatuna nafasi nyingine inayokufaa.

Kwa hiyo, kwa masikitiko, tunasitisha ajira yako kuanzia leo, tarehe 28 Julai 2025. Sababu ni afya peke yake. Katika miaka yote uliyofanya kazi nasi tangu tarehe 1 Februari 2016, hukuwahi kupewa onyo, na cheti chako cha utumishi kimeambatanishwa.

Malipo yako ni haya: nusu mshahara wa Julai hadi leo, shilingi 240,000, badala ya notisi ya mwezi mmoja, shilingi 520,000, likizo uliyokusanya, shilingi 240,000, kiinua mgongo cha miaka tisa, shilingi 1,260,000. Jumla ni shilingi 2,260,000 kabla ya makato ya kisheria, nazo zimeingizwa leo kwenye akaunti yako. Nauli yako hadi Songea na gharama ya mizigo unakabidhiwa pamoja na barua hii.

Michango yako yote ya NSSF imewasilishwa na taarifa yake imeambatanishwa. Ofisa utumishi atafuatana na familia yako kufungua maombi ya pensheni ya ulemavu, na tutajaza sehemu inayomhusu mwajiri ndani ya wiki hii.

Usiporidhika na uamuzi huu, una haki ya kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu leo.

Tunakushukuru kwa kazi yako. Tunakuombea nafuu."

Barua inaishia hapo. Haina sifa nyingi, kwa sababu sifa zilizozidi kwenye barua ya namna hii humfanya mtu ajiulize kama alikuwa mzuri hivyo mbona anaondolewa. Ina tarehe ya kila tukio, na kila tarehe ina karatasi yake kwenye jalada. Inataja sababu moja. Inamwambia haki yake ya kulalamika bila kumficha, na nimeona mwajiri anayeiandika haki hiyo akilalamikiwa mara chache kuliko anayeificha.

Ile aya ya NSSF isiandikwe kama haina ukweli. Kosa linaloumiza kuliko yote katika jambo hili ni mwajiri kumkata mfanyakazi mchango kila mwezi bila kuupeleka. Mtu akiwa mzima hagundui. Akipooza, anakwenda NSSF kuomba pensheni ya ulemavu, anapimwa na jopo la madaktari kama amepoteza angalau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, anakidhi, halafu anaambiwa michango haitoshi. Kabla ya kuandika barua, ofisa utumishi achukue taarifa ya michango aikague mwezi kwa mwezi. Kukiwa na pengo, lizibwe kwanza. Na mfahamu kwamba taarifa ya daktari wenu haichukui nafasi ya jopo lile. Mtu anaweza kushindwa udereva kabisa na bado jopo likaona hajafikia theluthi mbili. Msimwahidi pensheni. Mwahidini kumsaidia kuomba.

Barua inapelekwa kwa mkono, inasomwa mbele ya familia na mwakilishi. Dereva wetu mkono wa kulia hauwezi, kwa hiyo anaweka dole gumba la kushoto, mkewe na mwakilishi wanatia saini kama mashahidi, na chini yake panaandikwa kwamba alisomewa kwa Kiswahili akaelewa. Kama familia inaelewana zaidi kwa Kimakua au Kiyao, mwenye lugha asome, na hilo liandikwe pia.

Swali la mwisho nililotumiwa kabla ya kikao: itakuwaje kama baada ya miezi minane mtu huyu anapona? Uamuzi wenu utapimwa kwa taarifa mliyokuwa nayo siku ya barua. Kama ilikuwa mpya, ya daktari aliyemwona, na iliyojibu swali la kazi, kupona baadaye hakuibatilishi barua. Akija kuomba kazi, mpimeni kama mwombaji mwingine mnayemfahamu vizuri, na mkimchukua mwandikieni mkataba mpya. Lakini kama taarifa mliyoitumia ilikuwa ile ya wiki ya tatu, basi huko kupona kwake ndiko kutakakowekwa mezani mbele ya msuluhishi.

Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.